Bendeji Kwenye Mguu Mzima

"Hapo paache wazi kwanza," Basili alisema. "Endelea na mengine."

Karani Zaidi hakuendelea. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, na wino ukaanza kukaukia kwenye ncha. Alikuwa ameshaandika tarehe, jina la kampuni na cheo cha Bwana Meneja, na chini yake mstari mmoja ulionyooka: Ninaomba kurudishiwa gharama za matibabu nilizolipa kwa fedha zangu, ambazo bima ya kampuni imekataa kuzilipa. Baada ya hapo sentensi ya pili ilianza, "Nikiwa kazini niliumia," ikakwama.

"Uliumia wapi, Kaka Basili?"

"Si risiti zinasema?"

"Risiti zinasema ulitibiwa nini. Hazisemi kwamba uliumia. Mtu anaweza kupata ngiri akiwa amelala kitandani kwake."

"Taratibu basi!" Basili aligeuka kutazama dirisha. "Neno hilo usilitaje kwa sauti kubwa."

Walikuwa wawili tu katika ofisi ya mishahara ya kiwanda cha kukoboa kahawa, pale Moshi, upande wa reli. Mashine zilikuwa zimezimwa, lakini vumbi la maganda lilikuwa bado halijatua. Nje, wanawake wanaochambua kahawa walikuwa wamepanga mstari langoni, wakingoja kupekuliwa vikapu kabla ya kwenda makwao. Sauti zao zilisikika vizuri mno. Basili alijua kwamba kama yeye anawasikia, nao wanaweza kumsikia yeye.

Alikuwa mtu wa Masama, mwenye mabega mapana, mpangaji wa magunia tangu kiwanda kilipopanuliwa. Siku za kazi alilala katika chumba cha kupanga huko Rau, na Jumamosi alipanda kwao kwenye migomba yake na kahawa yake, kwa mkewe Kornelia. Zaidi alikuwa kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani, karani mwenye mwandiko mzuri na subira nyingi. Hakuwa na haraka ya kumwona mtu mjinga. Aliweka kalamu chini, akazipanga risiti tena mbele yake.

"Tuseme tulichonacho," alisema. "Hii ya kulazwa. Hii ya upasuaji, ina stempu yake, safi. Hii ya dawa. Na hii barua ya daktari. Mpaka hapo umetimiza. Nauli ya basi?"

"Sikupewa karatasi."

"Basi hatuiombi."

"Na kuku, na mtori wa ndizi niliokuwa nikipikiwa na mama mmoja nje ya hospitali?"

"Kuku hana risiti, kaka."

Basili alitaka kucheka, akashindwa. Tangu barua ya bima ilipofika kutoka Nairobi, vicheko vilikuwa vimemwisha. Zaidi alimsomea barua ile kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Kampuni ya bima ilisema hivi: mfanyakazi Basili aliripotiwa kuwa ameteguka mguu akiwa kazini. Miezi kadhaa baadaye amepasuliwa ngiri. Ngiri si mguu. Hakuna taarifa yoyote ya ajali iliyoweza kuleta ngiri, na mgonjwa hakuonwa na daktari wa kampuni kabla ya kupasuliwa. Kwa hiyo huo ni ugonjwa wake mwenyewe, nao bima inalipia majeraha ya kazini, hailipii magonjwa.

Bwana Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita Basili, akamwambia kwa maneno machache kwamba bima ikikataa, mambo si lazima yaishie hapo. Sheria ya fidia inamdai mwajiri kwanza, na bima ni ya kumsaidia mwajiri kulipa. Lakini mwajiri naye hawezi kulipa kwa huruma tu. Alete maombi kwa maandishi, na risiti, na barua ya daktari, na maelezo ya mtu aliyeona ajali. Juu ya yote aeleze kwa nini hakutoa taarifa siku ile ile. Akiwa na sababu ya maana, kampuni itayatazama madai upya. Makaratasi ya mwezi yangeondoka kesho mchana. Yakikosa kesho, yangengoja kikao kingine, na hicho kingekuwa baada ya Krismasi.

Basili asingeweza kungoja mpaka baada ya Krismasi. Fedha za hospitali hazikuwa zake. Kornelia alizikopa kwa kaka yake, Theodory, na Theodory alikuwa akiziweka kwa ajili ya karo ya mwanawe aliyepata nafasi katika shule ya kati. Shule ilifunguliwa Januari. Theodory hakudai kwa maneno. Jumapili baada ya misa alikuwa akisimama tu karibu na Basili, akizungumza habari za mvua, mpaka Basili akatamani atukanwe.

"Tuanze mwanzo," Zaidi alisema. "Nieleze kama unamweleza mtu asiyekijua kiwanda."

Basili alieleza.

Siku ile walikuwa wakipanga magunia kwa ngazi, moja juu ya jingine, na yeye alikuwa amesimama kwenye ubao. Gunia la juu likateleza. Angeruka pembeni, lingempata kijana aliyekuwa chini. Kwa hiyo alilipokea kwa kifua na tumbo, akalisukuma kurudi mahali pake. Likarudi. Lakini chini ya tumbo lake, upande wa kulia, kitu kikaachia, kama mshono unavyoachia. Alichuchumaa pale pale kwenye ubao. Akajishika.

"Ukajishika wapi?"

Basili alionyesha kwa kidevu.

"Halafu?"

"Halafu Eliezeri akaja." Eliezeri alikuwa nyapara wa ghala. "Akaniuliza una nini. Nikamwambia mguu. Nimeteguka mguu."

Zaidi alimtazama.

"Ningesema nini, Zaidi? Mbele ya ghala zima? Kwetu habari za mwanamume chini ya kitovu haziendi popote. Wanazijua wanaume wa rika lake, tena wakiwa wamelazimika. Mke hazisikii. Mama hazisikii. Baba yangu aliugua tumbo mwaka mzima na mama yangu hakuambiwa ni nini, mpaka tukamzika. Hivyo ndivyo nilivyokuzwa."

"Kisha Eliezeri akakupeleka zahanati."

"Kwa Filbert. Filbert akaniuliza mguu upi. Nikasema wa kulia. Akaukanda, akaufunga bendeji." Basili aliinamisha kichwa. "Nikatembea na bendeji juma zima. Nikachechemea. Filbert akanisifu kwa kupona haraka."

Hapo Zaidi alishindwa kujizuia. Alicheka kwa pua, akafunika mdomo na kiganja.

"Cheka," Basili alisema. "Mimi mwenyewe ningecheka kama ungekuwa mguu wako."

"Samahani, kaka. Na ilipozidi, kwa nini hukwenda kwa daktari wa kampuni? Au hospitali ya serikali, pale pale mjini?"

"Mkalimani wa daktari wa kampuni ni Tabitha. Tabitha ni mtu wa Masama. Kihamba cha baba yake, nyumba na migomba yake, kinapakana na chetu. Na hospitali ya serikali, ukiingia asubuhi, jioni soko zima linajua. Nikapanda basi mpaka Rombo, hospitali ya misheni, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nilifika usiku nikitapika. Daktari akasema ningechelewa kidogo tu, wangenirudisha nyumbani nikiwa nimefunikwa shuka."

"Kornelia anajua nini?"

"Anajua tumbo."

Zaidi alichukua kalamu, akaandika. Aliandika habari za ubao na gunia na kijana aliyekuwa chini. Alipofika mahali pa kujishika aliandika neno la heshima, Basili akalisoma kichwa chini, akakubali kwa kuguna. Kisha Zaidi akauliza lile Basili alilokuwa akiliogopa tangu alipoketi.

"Nani aliona?"

"Hakuna."

"Yule kijana wa chini?"

"Alikuwa amenipa mgongo. Na msimu ulipokwisha alirudi kwao."

"Kaka Basili, barua hii bila shahidi ni hadithi tu. Ulisema mguu. Leo unasema si mguu. Kwa nini wakuamini leo, wakati siku ile wewe mwenyewe ulisema vingine? Lazima awepo mtu mwingine."

Langoni wanawake walikuwa wakisogea mmoja mmoja. Mmoja alimtania mpekuzi kwamba kama anatafuta kahawa kwenye kitambaa chake cha kichwa, basi na aipike kabisa. Wengine wakaangua kicheko. Basili aliijua sauti ile. Kwa miezi yote hii alikuwa akizunguka nyuma ya ghala ili asikutane nayo.

"Yuko mmoja," alisema. "Huyo anayecheka."

Zaidi alichungulia. "Bi Mwantumu? Wa Rau?"

"Alikuwa anapita kwenda kuchota maji. Aliniona."

"Basi mbona unahangaika! Bi Mwantumu ni mtu wa kweli. Ngoja nimwite."

"Zaidi, subiri."

Lakini Zaidi alikuwa ameshafika mlangoni. "Bi Mwantumu! Shikamoo! Tafadhali njoo mara moja ofisini."

"Marahaba, mwanangu. Kuna pesa?"

"Hakuna pesa, kuna maneno."

"Ah, hayo nayo yamejaa nyumbani."

Aliingia akitikisa vumbi kwenye kanga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa kuchambua kahawa msimu baada ya msimu. Alipomwona Basili alisimama. Uchangamfu ukamtoka usoni, taratibu, kama maji yanayonywewa na udongo.

"Shikamoo, mama," Basili alisema akisimama.

"Leo naitwa mama." Hakuitikia. Alimgeukia Zaidi. "Maneno gani?"

Zaidi alimweleza. Hakuzidisha, hakupunguza. Alisema kuna madai ya fedha za hospitali, ambazo mkewe Basili alizikopa kwa kaka yake, bima imekataa, na kampuni inataka mtu aliyeona Basili alivyoumia. Mwantumu alisikiliza huku akitazama risiti mezani.

"Nani kasema mimi niliona?"

"Yeye."

"Ajabu. Siku ile alisema sikuona kitu." Alivuta kiti cha wageni, akakaa bila kuambiwa. "Amekueleza hiyo, mwanangu?"

Zaidi alimtazama Basili. Basili alitazama sakafu.

"Hakukueleza. Basi ngoja nikueleze mimi. Nilipita na ndoo yangu nikamwona mtu amechuchumaa kwenye ubao, uso umekuwa kama majivu. Nikamwuliza, kaka, vipi? Akasema, mguu. Nikamwambia, huko Masama mguu siku hizi unaanzia hapo?" Aliguna. "Ni kweli nilitania. Mdomo wangu hauna kufuli. Lakini nilipoona jasho linamdondoka nikaacha ndoo, nikamkimbilia Eliezeri, nikapiga kelele, huyu mtu kaumia, kashika tumbo, kapasuka ndani, mpelekeni hospitali! Wanawake wote mezani waliinua vichwa. Eliezeri akamwuliza yeye, ni kweli? Naye akajibu nini?"

Alimgeukia Basili.

"Nakuuliza wewe, Basili. Ulijibu nini?"

"Nilisema, huyu mwanamke anazusha."

"Anazusha. Tena ukasema, aende akachambue kahawa yake. Eliezeri akanikata nusu ya ujira wa siku kwa kuacha meza na kuleta fujo. Mpaka leo wenzangu wakitaka kuniudhi husema, ona, Mwantumu mzushi. Nikiwaambia mvua inakuja, wanauliza, umeiona wewe au unazusha?"

Basili alikuwa amesahau ile nusu ya ujira. Au hakutaka kuijua. Siku ile alisikia Eliezeri akifoka nyuma yake, naye alikuwa akichechemea kuelekea zahanati, akijitahidi kukumbuka ni mguu upi. Aliona nafuu kwamba kelele zimemhamia mtu mwingine. Sasa nafuu ile ilimrudia, na ilikuwa na ladha mbaya kuliko dawa za hospitali.

Zaidi alisema kwa upole, kama mtu anayejisemea, "Bi Mwantumu, kwa hiyo Eliezeri aliambiwa."

"Aliambiwa kwa sauti iliyofika stesheni."

"Siku ile ile. Kwamba kaumia tumbo, kazini." Aliigeuza barua ya bima, akaipitia tena kwa kidole. "Hapa wanasema hakuna taarifa yoyote iliyotolewa. Lakini ilitolewa. Hakuitoa yeye, uliitoa wewe, kwa msimamizi wake. Kwa sheria nyapara ni masikio ya kampuni." Akamtazama Basili. "Kaka, hii ndiyo barua yako. Lakini haiandikiki bila ile habari yote. Kwamba huyu alisema kweli, na wewe ukamkana, na kwa sababu gani."

Basili alielewa. Alikuwa amekuja akitumaini kwamba barua ingeweza kuandikwa kwa kuruka mahali panapouma, kama mtu anavyoruka tope njiani. Kumbe tope lenyewe ndiyo njia. Aliwaza habari za Theodory na mvua zake. Aliwaza kijana, mpwa wa mkewe, ambaye tayari alikuwa amenunuliwa kaptula mbili za shule na alikuwa akizivaa Jumapili kinyume cha amri ya mama yake.

"Andika," alisema.

"Niandike nini? Nataka maneno yako."

Mwantumu hakumsaidia. Alikaa akifungua na kufunga pindo la kanga yake.

"Andika, sikutoa taarifa kwa sababu niliona aibu. Mahali nilipoumia ni mahali ambapo... ni mahali pa siri ya mwanamume. Nilidanganya kwamba ni mguu. Bwana Filbert alitibu mguu kwa sababu ya uongo wangu, hana kosa. Na mama huyu, Bi Mwantumu binti Khamisi, aliona na akamwambia nyapara kweli tupu. Mimi nikasema anazusha. Hakuzusha."

Kalamu ilikwaruza. Zaidi alipomaliza aliyasoma yote kwa sauti, na Basili alisikia aibu yake ikisomwa kwa mpangilio mzuri, na nukta kila ilipostahili. Masikio yalimwaka. Alishangaa kwamba kuta zimesimama tu.

"Sasa Bi Mwantumu," Zaidi alisema, "kesho nikishapiga taipu nakala ya Kiingereza, utatia sahihi kwenye maelezo yako. Unaandika jina?"

"Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu."

"Zinatosha. Nitaeleza pembeni."

"Sijasema nitatia." Mwantumu alifunga pindo la kanga kwa nguvu. "Karatasi hii itakwenda kwa Bwana Meneja, kisha itakwenda Nairobi. Itasomwa na Wazungu wawili na Mhindi mmoja. Hao hawajawahi kuniita mzushi. Walioniita wako pale mezani, arobaini na kitu. Karatasi hawataiona."

"Unataka nusu ya ujira wako?" Basili aliuliza. "Nitakulipa. Hata nikikosa hizi, nitakulipa."

"Hiyo utanilipa, ndiyo. Tena hukuhitaji kungoja niitaje. Lakini nataka kesho, kabla mashine hazijawashwa, uje kwenye meza zetu. Eliezeri awepo. Useme kwa mdomo ule ule uliosema siku ile. Si lazima uwaonyeshe kidonda," aliongeza, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ikacheza. "Sema tu kwamba nilisema kweli. Kisha nitatia jina langu popote Zaidi atakapoonyesha."

Basili aliona yote kwa pamoja. Wanawake arobaini. Aikande aliyekaa meza ya pili, ambaye huteremka sokoni kila jioni na kununua ndizi kwa watu wa Masama. Kesho ni Ijumaa. Keshokutwa, kabla hajafika nyumbani, habari zingekuwa zimepanda mlima mbele yake, zimeingia jikoni na kukaa kando ya Kornelia.

"Mke wangu atasikia," alisema.

"Atasikia. Kwa hiyo bora umtumie neno mapema, au upande kesho jioni badala ya Jumamosi. Mwanamke aliyekukopea fedha kwa kaka yake hastahili kusikia sokoni zilitibu nini." Aliinuka, akachukua kikapu chake. "Na mimi nilikuwa na mume, Basili. Alikuwa na hiyo hiyo. Sikufa kwa kujua."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Marahaba," alisema. Ilimchukua Basili muda kukumbuka kwamba ni jibu la salamu yake ya mwanzo.

Lango lilifungwa nyuma yake. Zaidi alizikusanya risiti, akazibana pamoja na barua ya daktari. Rasimu aliiweka juu, na chini yake aliandika kwa penseli mambo yaliyobaki: maelezo ya Eliezeri, sahihi ya Bi Mwantumu, nakala ya Kiingereza. Karatasi nyeupe alikuwa ameshaiingiza kwenye mashine ya taipu, akapiga tarehe ya kesho, kisha akaacha. Mwanga ulikuwa umepungua, na hakupenda kukosea kwenye karatasi ya kampuni.

"Eliezeri atakubali kuandika?" Basili aliuliza.

"Sijui. Alimkata mtu ujira kwa kusema kweli, naye ataona aibu yake. Tutamwuliza."

"Na Meneja atalipa?"

"Sijui hilo pia, kaka. Tutakuwa tumeomba vizuri, hilo ndilo ninaloweza kukuahidi."

Zaidi aliifunika mashine kwa kitambaa chake, karatasi ikiwa bado ndani. Basili alisimama karibu na dirisha. Kupitia kioo aliziona meza ndefu za wachambuaji, tupu, na viti vidogo vikiwa vimegeuzwa miguu juu. Alijaribu kupata mahali ambapo mtu angesimama ili asikike na wote bila kupaza sauti.

"Wanaanza kukaa kabla ya kengele," aliuliza, "au baada yake?"

"Kabla," Zaidi alisema, akitafuta funguo. "Wengi wanawahi."

"Basi nami nitawahi."